Mzingo huzinga, eneo huenea: kutenganisha vipimo viwili kwa uzio na vigae

Mpe mwanafunzi mstatili wenye urefu wa sm 8 na upana wa sm 3, kisha mwambie atafute mzingo. Akiandika 24, usikimbilie kumkumbusha kanuni. Huenda kanuni zote mbili anazo kichwani. Asichokijua ni kitu anachokihesabu. Mzingo na eneo hutoka kwenye umbo lilelile na namba zilezile mbili, kwa hiyo mtoto aliyeanza na kanuni hana cha kumwonyesha kwa nini safari hii ajumlishe na safari ile azidishe. Anabahatisha tu.

Kiswahili chenyewe kimeshafanya nusu ya kazi. Ndani ya mzingo mna kuzinga, yaani kuzunguka. Ndani ya eneo mna kuenea. Uzio huzinga shamba, vigae huenea sakafuni. Mwongozo huu unafuata wazo hilo: umbo moja lizungushiwe uzio na litandazwe vigae kwa pamoja, mtoto aone kwa macho kwamba anahesabu vitu viwili tofauti. Kanuni zije baadaye.

Kwanza, jua kosa ni lipi

Chora mstatili wa miraba 8 kwa 3 kwenye karatasi ya miraba. Andika urefu wa pande mbili tu, 8 na 3. Waulize wanafunzi maswali mawili bila kutaja mzingo wala eneo: uzio wa kulizunguka umbo hili una urefu wa vipande vingapi, ikiwa kila kipande ni sawa na upande wa mraba mmoja? Na vigae vingapi vya mraba mmoja vitalifunika lote?

Majibu sahihi ni 22 na 24. Majibu yasiyo sahihi yana habari ndani yake, kwa hiyo yasome kabla ya kuyapiga mkasi. Anayeandika 11 kwa uzio amejumlisha namba mbili alizoziona zimeandikwa. Pande zisizo na namba kwake hazipo. Anayeandika 24 kwa maswali yote mawili anazidisha kila aonapo namba mbili. Anayeandika 18 kwa uzio amehesabu miraba iliyo pembezoni mwa umbo, na huyu ndiye anayehitaji muda zaidi, maana anaamini kabisa kuwa ameuhesabu uzio. Ukirudia swali kwa mchoro ulioandikwa namba kwenye pande zote nne, unaweza pia kukutana na 576: mtoto amezidisha 8 kwa 3 kwa 8 kwa 3.

Angalizo dogo kuhusu namba za kuchagua. Usianze na mraba wa 4 kwa 4 wala mstatili wa 6 kwa 3. Wa kwanza una mzingo 16 na eneo 16, wa pili 18 na 18. Hapo mtoto aliyekosea kabisa hupata alama, nawe hujui.

Vifaa

Kwa kundi la wanafunzi wanne, andaa vigae 40 vya karatasi ngumu, kila kimoja mraba wa sm 5, pamoja na vijiti 30 vya sm 5. Karatasi moja ya A4 hutoa vigae 20, hivyo karatasi mbili zinatosha kundi zima. Vijiti vinaweza kuwa mirija ya kunywea iliyokatwa.

Jambo la kusimamia ni moja: kijiti kiwe sawasawa na upande wa kigae. Kijiti kikizidi kwa milimita 3 tu, vijiti 20 vitazidi kwa sm 6, na uzio utagoma kufunga au mtoto atabakiwa na kijiti kimoja mkononi. Kata kimoja kwa rula, kisha tumia hichohicho kupimia vingine vyote. Usipime kila kipya kwa kile ulichokata mwisho, kwa sababu kosa dogo litakuwa linakua.

Vigae viwe vya rangi moja na vijiti vya rangi nyingine. Rangi hizo zitumike hadi mwisho, hata kwenye daftari: mstari wa uzio kwa rangi ya vijiti, miraba ya ndani kwa rangi ya vigae.

Hatua ya 1: umbo moja, kazi mbili

Kila kundi lipange vigae safu 4, kila safu vigae 6, bila nafasi katikati. Kisha liweke vijiti kulizunguka umbo, kijiti kimoja kando ya kila upande wa kigae unaotazama nje. Wahesabu na waandike kwa maneno kamili: “Uzio: vijiti 20. Sakafu: vigae 24.” Namba tupu isikubaliwe. Mwanafunzi akisema “ishirini”, muulize “ishirini nini?” Swali hilo litachosha katika kipindi cha kwanza, lakini ndilo litakaloleta vipimo vya sentimita na sentimita za mraba baadaye bila kukaririshwa.

Sasa ondoeni vigae, uzio ubaki. Kisha rudisheni vigae na ondoeni vijiti. Kilichobaki mara ya kwanza ni mstari mtupu uliojifunga. Mara ya pili ni uso uliofunikwa. Wengi wanaochanganya hawajawahi kuviona vikiwa vimetengana.

Hatua ya 2: mahali kosa linapokaa ni pembeni

Hapa usiharakishe. Kabla ya kurudisha vijiti, uliza: “Vigae vingapi vinagusa ukingo wa umbo?” Wakivihesabu watapata 16. Rudisha vijiti, wahesabu tena: 20. Waache wabishane ni wapi vijiti 4 vimetokea. Kama kundi limekwama, waambie waweke kidole kwenye kigae kimoja kilicho katikati ya upande na wahesabu vijiti vinavyokigusa. Ni kimoja. Kisha wahamie kwenye kigae cha kona. Ni viwili. Umbo lina kona nne, na kila kona ina kijiti kimoja cha ziada.

Hapo ndipo aliyeandika 18 kwenye swali la mwanzo anapojirekebisha mwenyewe. Mrudishe kwenye mchoro wake wa 8 kwa 3: vigae vya pembezoni ni 18, kona 4, uzio 22. Usimpe hii kama njia ya kukokotoa mzingo, maana ataikariri na kujiongezea mzigo. Ni ya kumwonyesha tu kwamba kigae si kipande cha uzio. Kigae kina nafasi ndani yake; uzio ni ule ukingo wake unaotazama nje.

Kosa pacha hutokea kwenye nguzo, na linafaa kufundishwa papo hapo. Bustani ya m 6 kwa m 4 inazungushiwa uzio, nguzo ziwe kila baada ya m 2. Mtoto huenda upande kwa upande: urefu wa m 6 una nguzo 4, upana wa m 4 una nguzo 3, jumla 4 + 3 + 4 + 3, yaani 14. Mwambie asimamishe nguzo kwa vipande vya udongo kwenye mchoro. Atazipata 10, kwa kuwa kila nguzo ya kona ameihesabu mara mbili. Mzingo ni m 20, nafasi za m 2 ni 10, na kwenye uzio uliojifunga idadi ya nguzo ni sawa na idadi ya nafasi. Kwenye uzio ulionyooka usiojifunga, nguzo huzidi nafasi kwa moja: m 20 zingetaka nguzo 11. Kwa hiyo kona ileile iliyompunguzia vijiti ndiyo inayomwongezea nguzo.

Hatua ya 3: uzio uleule, sakafu tofauti

Wanafunzi wengi, hata waliojibu vizuri hadi hapa, huamini kwamba maumbo mawili yakiwa na mzingo sawa, eneo lao nalo huwa sawa. Usiwaambie kuwa si kweli. Wape kila kundi vijiti 20 na waulize kwanza wabashiri: ukiugeuza uzio huu kuwa mstatili mwingine, vigae vitakavyoingia ndani vitaongezeka, vitapungua au vitabaki vilevile? Kila mmoja aandike utabiri wake kabla hajagusa kitu. Asipoandika, atadai baadaye kuwa alijua.

Watapata mistatili mitano:

1 kwa 9 — vigae 9
2 kwa 8 — vigae 16
3 kwa 7 — vigae 21
4 kwa 6 — vigae 24
5 kwa 5 — vigae 25

Kikwazo cha kawaida ni mwanafunzi anayeanza na upande wa vijiti 10 halafu akakosa vijiti vya pande nyingine. Mwache akwame. Akigundua kwamba urefu na upana kwa pamoja lazima vitoshe nusu ya vijiti, yaani 10, amegundua sehemu ya kanuni ya mzingo kwa mikono yake. Mwingine atasema 5 kwa 5 si mstatili. Ni mstatili ambao pande zake zote zimelingana, nasi tunauita mraba.

Halafu geuza kazi. Chukueni vigae 12 na mpange mistatili yote inayowezekana. Iko mitatu: 1 kwa 12 inataka vijiti 26, 2 kwa 6 inataka 16, na 3 kwa 4 inataka 14. Sakafu haikuongezeka hata kigae kimoja, ilhali uzio umeruka kutoka 14 hadi 26. Swali la kuuliza ni hili: kwa nini umbo jembamba linakula uzio mwingi? Jibu la kutafutwa ni kwamba katika safu moja ya vigae 12 kila kigae kimefunuliwa juu na chini, lakini vikipangwa 3 kwa 4 vingi vimeegemeana, na pale vigae viwili vinapoegemeana hapawekwi uzio.

Hatua ya 4: kata kona

Rudini kwenye umbo la 6 kwa 4 lenye vijiti 20. Uliza: nikiondoa kigae kimoja cha kona, uzio utapungua kwa vijiti vingapi? Karibu darasa lote litasema utapungua. Ondoeni kigae. Vijiti viwili vilivyokuwa nje ya kona vinasogea na kukaa kwenye kingo mbili mpya zilizofunuka. Vigae vimebaki 23, vijiti bado ni 20.

Rudisheni kigae cha kona na mwondoe kimoja kilicho katikati ya upande. Kijiti kimoja kinatoka, na shimo linataka vitatu. Vigae ni 23, vijiti 22. Eneo limepungua na mzingo umeongezeka. Mwanafunzi aliyedhani vipimo hivi hupanda na kushuka pamoja hapa hana pa kujificha.

Kisha weka mtego wa mwisho wa hatua hii. Ondoeni vigae vyote vinne vya kona. Vigae vinabaki 20 na vijiti vinabaki 20. Uliza: “Je, mzingo na eneo vimekuwa sawa?” Wengi watasema ndiyo. Wapime sasa kwa sentimita. Vijiti 20 vya sm 5 ni sm 100. Kigae kimoja cha sm 5 kwa sm 5 kina sentimita za mraba 25, hivyo vigae 20 ni sentimita za mraba 500. Usawa umeyeyuka kwa kubadilisha kipimo tu. Ni sawa na kusema vijiko 20 ni sawa na sahani 20: idadi zimelingana, vitu havikulingana. Hapa ndipo pa kuandika sm na sm² ubaoni kwa mara ya kwanza, kile kidogo cha 2 kikimaanisha kwamba tumehesabu miraba.

Sasa kanuni zinaweza kuingia, na ziingie kama ufupisho wa kazi ambayo mikono imeshaifanya. Uzio ni urefu na upana mara mbili: 2 × (6 + 4) = 20. Sakafu ni safu 4 zenye vigae 6 kila moja: 4 × 6 = 24. Tunazidisha kwa sababu ya safu. Mtoto akisahau, usimuulize “kanuni inasemaje?”, muulize “safu ziko wapi?”

Hatua ya 5: chumba chenye kazi zote mbili

Chumba kina urefu wa m 3 na upana wa m 2.4. Kinawekwa vigae vya sm 30 kwa sm 30 sakafuni. Chini ya kuta, juu tu ya sakafu, kunabandikwa ukanda wa vigae vyembamba ambavyo kila kimoja kina urefu wa sm 30. Mlango una upana wa sm 90, na hapo ukanda haupiti. Vinahitajika vigae vingapi vya sakafu na vipande vingapi vya ukanda? Nafasi ndogo za saruji kati ya vigae hatuzihesabu.

Tumechagua kazi hii kwa sababu ndani ya chumba kimoja kuna kitu kinachozinga na kitu kinachoenea, na vyote ni vigae. Neno “kigae” halimwambii mtoto azidishe. Ni lazima atazame kazi yenyewe.

Wachore chumba kutoka juu na kugeuza kila kitu kuwa sentimita: 300 kwa 240. Kwa sakafu, wajiulize maswali mawili kwa mfuatano. Vigae vingapi vinaingia kwenye urefu? 300 ÷ 30 = 10. Safu ngapi zinaingia kwenye upana? 240 ÷ 30 = 8. Safu 8 zenye vigae 10 ni vigae 80. Kwa ukanda, watembee ukuta kwa ukuta kwa kidole: 10, 8, 10, na ukuta wa mwisho, wenye mlango, una 240 − 90 = 150, yaani vipande 5. Jumla 33. Wahakikishe kwa njia ya pili: mzingo ni sm 1080, toa 90, inabaki 990, gawanya kwa 30, unapata 33.

Jihadhari na jibu la 24 kwa sakafu. Aliyelipata amekokotoa eneo la m² 7.2 kwa usahihi, kisha akagawanya kwa 0.3, ambao ni urefu wa upande wa kigae. Amegawanya uso kwa mstari. Ukimwambia apange vigae 24 kwenye mchoro, vitajaa safu mbili na vinne vya safu ya tatu, na sehemu kubwa ya chumba itabaki wazi. Akitaka kugawanya eneo, agawanye kwa eneo: kigae kimoja ni 0.3 × 0.3 = 0.09, na 7.2 ÷ 0.09 = 80.

Kosa jingine ni kugeuza m² 7.2 kuwa sm² 720 kwa kuzidisha kwa 100. Chora kwa chaki mraba wa m 1 sakafuni, panga vigae vya sm 5 kwenye upande mmoja: vinaingia 20. Safu nazo ni 20. Hivyo ni vigae 400 vyenye sm² 25 kila kimoja, jumla sm² 10,000. Kwa darasa la chini ni salama zaidi kugawanya urefu kwanza na kuzidisha baadaye, kama tulivyofanya, kuliko kubadilisha vipimo vya mraba.

Kama chumba hakigawanyiki sawasawa, hesabu ya eneo peke yake hudanganya. Chumba cha sm 320 kwa sm 250 kina eneo linalolingana na vigae 88 na ushei. Lakini kwenye urefu vinaingia 10 na kipande, kwa hiyo unahitaji 11. Kwenye upana vinaingia 8 na kipande, unahitaji safu 9. Hiyo ni 99 ikiwa mabaki ya kukata hayatumiki tena. Fundi hutumia baadhi ya mabaki na huongeza vichache kwa ajili ya vitakavyovunjika. Kwa wanafunzi, lipe swali hili dakika kumi wakishaimudu kazi ya kwanza, si kabla.

Hatua ya 6: kuchagua kabla ya kukokotoa

Andaa kazi kumi fupi zisizo na neno mzingo wala eneo, na pia zisizo na namba. Kushona utepe kwenye ukingo wa kitambaa cha meza. Kupanda nyasi uwanjani. Kupaka rangi ukuta. Kutengeneza fremu ya picha. Kuweka kioo ndani ya fremu hiyo. Kutandika mkeka. Kazi ya mwanafunzi ni kuandika “huzinga” au “huenea” na kusema anahesabu nini: vipande vya urefu au miraba. Bila namba hana cha kuzidisha kiholela, hivyo analazimika kuwaza.

Changanya na sentensi za mtego. “Mtunza bustani anazunguka bustani yote akimwagilia kila mahali” ni kazi ya eneo ingawa ina neno kuzunguka. “Sakafu ya chumba imepakana na mstari mweusi” ni mzingo ingawa ina neno sakafu. Mwanafunzi anayekamata neno moja na kukimbia nalo ataanguka hapa, na ni bora aanguke hapa kuliko kwenye mtihani.

Baada ya wiki mbili hivi, rudisha swali la uchunguzi kwa umbo jipya, mfano 9 kwa 4. Uzio ni 26, vigae 36. Ukiona 22 kwa uzio, mwanafunzi huyo amerudi kuhesabu miraba ya pembezoni. Mpe vijiti na kigae kimoja cha kona tena. Ukiona 13, amesahau pande zisizoandikwa. Ukiona 36 kwenye majibu yote mawili, rudi naye hatua ya 1, na safari hii yeye ndiye aondoe vigae na kukuonyesha kilichobaki.